UZI: Nina picha ya paspoti tu ya marehemu mzee, familia inataka picha ya wima ya mwili mzima, mwili unakataa kuendana na uso

MpigaPicha_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina studio huku Mbagala, kazi zangu ni paspoti, kusafisha picha, fremu, na siku hizi kurekebisha picha za zamani kwa akili mnemba. Sasa kuna familia wameniletea picha ya mzee wao, ametangulia mbele ya haki, ni ile paspoti ya milimita 35 kwa 45 imebanduliwa kwenye kitambulisho cha kazi, na ndiyo pekee waliyobaki nayo. Wanataka siku ya hitma ya arobaini iwepo picha yake amesimama, kanzu nyeupe, koti, kofia, mpaka miguuni, saizi A3 kwenye fremu.

Uso naupata vizuri kabisa. Shida inaanzia shingoni kushuka chini. Nikiipa modeli uso halafu nikaomba mtu mzima amesimama, inanipa kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo. Nikisisitiza kwenye maelekezo mwili wote uonekane mpaka viatu, inageuka upande mwingine, naletewa jamaa mrefu miguu haiishi, mabega ya mtu wa jimu. Binti yake alikuja kuangalia, akakaa kimya akasema uso ni wa baba lakini huyu siyo baba. Natumia SDXL, modeli ya kutengeneza picha, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, kadi ya grafiksi ninayo. Naomba mwenye uzoefu anielekeze, vipimo vya mwili navipataje wakati nina uso tu?

Mzee_wa_Skana
Mkuu hiyo mbona rahisi, paspoti iskani kwa dpi 1200 halafu kuza taratibu, usikuze mara moja. Mimi nimetoa A3 za wazee wengi kwa picha ndogo kama hiyo na hazipasuki. Tatizo lenu vijana mnaskani kwa dpi 300.

MpigaPicha_Mbagala
Asante mzee wangu, shikamoo. Kukuza siyo tatizo, tatizo mwili haupo kabisa kwenye picha, picha inaishia kwenye kola ya shati.

Mzee_wa_Skana
Marahaba. Aaah sasa nimekuelewa. Kwa hiyo mnamtengenezea mwili! Haya, ngoja nikae nisome.

Kijana_Ubungo
Bro kanuni inajulikana, binadamu ni vichwa 8. Unachukua urefu wa kichwa, unazidisha mara 8, huo ndio mwili. Halafu tumia ControlNet ya OpenPose, unampa kile kiunzi cha vijiti na vidoti, hapo modeli imefungwa haiwezi tena kuharibu kitu. Kazi imeisha.

Bi_Mchoraji
Kijana wa Ubungo umegusa penyewe ila umepitiliza kidogo kwenye mambo mawili, na hayo mawili ndiyo yatakayomharibia mwenzio kazi.

Hiyo ya vichwa 8 ni ya wachoraji wanaotaka mtu apendeze, mashujaa na sanamu. Mtu mzima wa kawaida anakuja kama vichwa 7 hadi 7 na nusu, kutoka utosini hadi kidevuni ndiyo kichwa kimoja. Na mtu mfupi hana kichwa kidogo kwa kiwango kile kile cha ufupi wake. Vichwa vya watu wazima havipishani sana, wengi wanacheza kwenye sentimita 22, 23. Kwa hiyo mzee mfupi anaweza kuwa vichwa 7 au pungufu kidogo, na ukimpa 8 umemuongezea urefu ambao hakuwa nao maisha yake yote, ndiyo maana watoto wake wanamkana hata kama hawajui kusema kosa liko wapi.

La pili, kiunzi cha OpenPose kina pua, macho, masikio, shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Utosi haumo, kidevu hakimo. Unene pia haumo, mwembamba na mnene wakisimama pamoja wanatoa vijiti vile vile. Kwa hiyo kinafunga viungo vikae wapi, lakini ukubwa wa kichwa na kiuno modeli inajichagulia.

MpigaPicha hebu fungua zile picha mbili ulizosema, pima kwa pikseli utosi hadi kidevu, halafu utosi hadi chini ya kisigino. Kama amevaa kofia usihesabu kofia, kadiria utosi ulipo ndani yake. Tuletee namba.

MpigaPicha_Mbagala
Dada nimepima. Zote ni 832 kwa 1216 na mtu amejaa karibu fremu yote, kama pikseli 1080 kutoka utosini hadi kisigino. Ile ya kwanza kichwa ni pikseli 196. Ya pili ni 118. Zote nilitoa bila kofia kwanza.

Bi_Mchoraji
Haya sasa gawanya. 1080 kwa 196 unapata vichwa 5 na nusu, hayo ni maumbile ya mtoto wa shule aliyevishwa uso wa babu. 1080 kwa 118 unapata vichwa 9 na kidogo, hao wako kwenye michoro ya mitindo ya nguo tu. Mzee wako yuko katikati ya hizo mbili na hakuna hata moja iliyomkaribia.

Kwanini inatokea hivyo: unapompa modeli uso kwa kile kiambatanisho cha kushika sura, kimefundishwa zaidi na picha za karibu, kwa hiyo kinavuta kila kitu kiwe picha ya karibu, kichwa kinagoma kupungua hata pale mwili umeshalazimishwa kuingia kwenye fremu. Ukimsisitizia mwili mzima anakimbilia picha za mwili mzima alizoziona kwa wingi, na nyingi ni za mitindo na matangazo ya nguo, mpigaji ameinama chini na lenzi inarefusha miguu. Kwahiyo anavutana na nguvu mbili na hakuna hata moja kati ya hizo inayomjua mzee. Uso haubebi urefu wa mtu, haubebi upana wa nyonga wala urefu wa mikono. Mashavu yanaweza kukudokeza unene kidogo, basi. Hiyo habari lazima itoke nje ya picha.

MamaDera
Jamani hii mada imenigusa, mimi nauza madera na magauni ya kuagiza mtandaoni. Nilikuwa natumia apu moja ya simu, mteja anatuma selfi inamtengenezea mwili mzima amevaa gauni langu. Mteja mmoja akaona amependeza sana akaagiza kwa saizi ya yule wa kwenye picha, gauni limefika halipiti mapajani, likarudi na lawama juu. Sasa swali langu, kuna apu ambayo inajua saizi ya mtu kwa uso? Maana wateja wangu wengi hawataki kupiga picha mwili mzima wanaona aibu.

Bi_Mchoraji
MamaDera mpenzi hakuna, na ukiiona inadai hivyo ujue inakisia. Halafu selfi ni mbaya zaidi ya paspoti. Kuna utafiti ulitoka 2018 kwenye jarida la madaktari wa upasuaji wa uso la Marekani, walikokotoa kwamba selfi ya umbali wa kama sentimita 30 inaongeza upana wa pua karibu asilimia 30 ukilinganisha na picha ya mita moja na nusu. Sasa uso uliovimba katikati namna hiyo ukiuweka juu ya mwili unaoonekana umepigwa kutoka mita tatu, jicho linasema kuna kitu hakiko sawa hata kama vichwa umehesabu vizuri. Kwa wateja wako omba kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa futi, wataandika namba bila kutuma picha yoyote.

Fundi_Cherehani_Tanga
Naomba niingie hapo kwenye kutoa habari nje ya picha. Mimi ni fundi wa kanzu na suti. MpigaPicha waulize hao watoto kama kanzu za mzee bado zipo. Kabla ya arobaini mara nyingi nguo zinakuwa bado ndani hazijagawiwa. Kanzu ya kushonesha ni mwili wa mtu umeandikwa kwenye kitambaa. Ilaze juu ya meza, pima kutoka begani pale inapoanzia shingo hadi kwenye pindo, pima bega kwa bega mshono hadi mshono, pima mkono, pima upana wa tumbo. Kanzu ya dukani usiiamini sana ila ya fundi iamini. Na suruali ikiwepo pima mguu wa ndani.

MpigaPicha_Mbagala
Fundi ubarikiwe sana, hili sikuwaza kabisa. Nawapigia sasa hivi.

Kijana_Ubungo
Kwenye vichwa 8 nimekubali dada. Ila kwenye unene kuna ControlNet ya depth, ile inashika umbo zima, mbona hujaitaja?

Bi_Mchoraji
Ni kweli, depth inashika ujazo wa mwili, hapo uko sahihi. Lakini depth ya nani? Inahitaji picha ya mwili wa mtu fulani kuanzia, na tukirudi kwa mzee mwili wake hatuna. Nasubiri namba za kanzu kwanza.

Abu_Salma
Assalam aleikum. Mimi naomba niulize tofauti kidogo. Mnamtengenezea marehemu mwili ambao hakuna aliyeupiga picha, halafu mnautundika siku anayosomewa hitma. Wajukuu watakua wanajua babu alisimama hivyo. Hii ina tofauti gani na kumsingizia? Paspoti ile ile ikisafishwa vizuri ikakuzwa, si ndiyo yeye?

MpigaPicha_Mbagala
Waaleikum salaam ustaadhi. Nimewaambia familia hilo hilo, kuna mmoja anakubaliana na wewe, wengine wanataka ya kusimama kwa sababu majirani zao walitengenezewa. Mimi ni fundi tu, uamuzi ni wao, lakini kama nikiitengeneza sitaki iwe mtu mwingine.

Namba zimekuja, kanzu ipo, ya fundi. Begani hadi pindo sentimita 128. Bega kwa bega 44. Mdogo wake marehemu anasema kaka yake alikuwa anavaa juu ya vifundo, sentimita kama 10 kutoka chini.

Fundi_Cherehani_Tanga
Vizuri. 128 ongeza 10 ya chini unapata 138. Kutoka shingoni pale begani hadi utosini kwa mwanaume mzima wa kimo hicho weka kama 26. Jumla 164. Mzee alikuwa wa kimo cha chini kidogo, siyo mfupi sana. Muulize mdogo wake asimame na wewe mlinganishe, uone kama inakubali.

Bi_Mchoraji
Hapo sasa tunafanya kazi. 164 gawa kwa kichwa cha sentimita 23 unapata vichwa 7 na kidogo. Kwenye picha yako ya pikseli 1080 kichwa kinatakiwa kiwe kama pikseli 152, siyo 196 wala 118. Na kila sentimita moja ya mzee ni kama pikseli 6.6, kwa hiyo mabega ya 44 ni pikseli 290. Hizo namba mbili ziandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini.

Sasa njia. Usiiache modeli izae uso na mwili kwa pamoja. Tafuta ndugu wa kiume mwenye umbo la kumkaribia, huyo huyo mdogo wake kama anafaa, mvishe kanzu ya mzee, msimamishe umpige kutoka mita tatu na nusu au nne, kamera iwe usawa wa kifua, isiwe juu ya kichwa, maana ukimpiga kutoka juu miguu inafupika na kichwa kinakua hata kwa mtu aliye hai. Mwanga uwe wa mbele kama wa paspoti. Hapo umepata mwili wa kuazima wenye vipimo vya kweli, na kitambaa kinaanguka kinavyoanguka. Depth ya Kijana wa Ubungo ndiyo inaingia hapa, kama utataka kubadilisha koti au mandhari ya nyuma bila kugusa umbo. Akili mnemba ibaki kushona shingo tu. Unapaka maski kutoka chini ya kidevu hadi kwenye kola, unatumia inpaint, yaani modeli ichore ndani ya maski tu, na nguvu ya wastani:

```
width: 832
height: 1216
denoising strength: 0.45
```

Ukipandisha hadi 0.8 itaanza kuchora kidevu kipya. Ukishusha sana mpaka wa rangi unabaki unaonekana, ngozi ya paspoti na ya ndugu hazifanani, kwa hiyo sawazisha rangi kabla hujapaka maski.

MpigaPicha_Mbagala
Dada swali moja, kichwa cha pikseli 152 si uso utakuwa mdogo sana? Nikijaribu saizi hiyo macho yanavurugika.

Bi_Mchoraji
Yanavurugika kweli, kwa sababu modeli inafanya kazi kwenye picha iliyopunguzwa mara 8 kila upande, hapo kichwa chote kinakuwa na vijiboksi 19 tu kwenda chini, jicho halina pa kukaa. Ndiyo maana usiiruhusu ichore uso. Paspoti yako ukiskani kwa dpi 300 inakuwa 413 kwa 531, kichwa ndani yake ni kama pikseli 400 hivi. Malizia mwili na shingo kwenye saizi ndogo, kisha kuza picha nzima mara 3 kwa ajili ya A3. Kichwa kitakuwa 456. Hapo ndipo unarudisha uso halisi wa paspoti juu yake, unaukuza kidogo sana tu na sura inabaki ya mzee mwenyewe. Na hapa yule mzee wa skana alikuwa na hoja, skani kwa dpi kubwa usafishe nukta za karatasi vizuri, japo undani wa uso hauongezeki zaidi ya uliopo kwenye karatasi.

Mzee_wa_Skana
Nilijua nitafaa mahali. Na hakikisha kioo cha skana kisafi, vumbi likikuzwa linakuwa doa usoni.

Fundi_Cherehani_Tanga
Nyongeza ya kukagua bila rula. Kiganja cha mtu kuanzia kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati kinalingana na uso wake kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Mikono ikining'inia, kifundo cha mkono kinafika usawa wa mwanzo wa paja. Nikiona picha ya hizi za kutengeneza huwa naangalia mikono kwanza, inafika magotini.

MpigaPicha_Mbagala
Wakuu kuna jipya. Mdogo wake amekuja studio, umbo linakubali kabisa, kanzu imemkaa. Nimempiga, nimeweka kichwa kwa pikseli 152, nikamuonyesha binti kabla hata sijashona shingo. Akasema urefu ndio huu, unene ndio huu, lakini baba hakuwa amenyooka hivi. Kumbe miaka ya mwisho mzee alikuwa ameinama mgongo na bega la kushoto limeshuka. Mtoto wa kiume amekataa, anasema baba aonekane kama alipokuwa na nguvu zake. Binti anasema akinyooshwa siyo yeye. Wamebishana hapa studio mpaka wateja wakatoka nje. Paspoti yenyewe inaonyesha bega la kushoto liko chini kidogo ukiangalia kola.

Bi_Mchoraji
Kola inakupa ushahidi, huo ndio mwili pekee wa mzee uliopo kwenye picha, usiupoteze. Mimi ningefuata bega lile, kwa sababu ukinyoosha mabega lazima uzungushe na kichwa kidogo, na kichwa cha paspoti kimekaa kulingana na bega lililoshuka, utaona shingo inakataa kushonwa. Kuhusu mgongo, paspoti imepigwa kwa mbele haisemi kitu, hapo ni maneno ya watoto tu. Paspoti ni ya mwaka gani?

MpigaPicha_Mbagala
Kitambulisho kimeandikwa 2009. Kwahiyo uso ni wa wakati ana nguvu.

Kijana_Ubungo
Basi mtoto wa kiume yuko sahihi, uso wa 2009 uwekewe mwili wa 2009.

MamaDera
Mimi nipo na binti. Yeye ndiye aliyemuuguza.

Abu_Salma
Mnaona sasa. Kila mtu ana mwili wake anaoutaka. Kama ni lazima, basi nyuma ya fremu iandikwe kwamba ni picha ya kutengenezwa, mwili umeazimwa kwa mdogo wake, ili mjukuu akija kuuliza apate jibu la kweli.

MpigaPicha_Mbagala
Ustaadhi hilo la kuandika nyuma nalichukua, na nitaandika na mwaka wa uso. Kuhusu mgongo nimewaambia wakakae wazungumze nyumbani, bega nitaliacha lilivyo kwenye paspoti kwa wote wawili. Mpaka sasa hawajanijibu.

Mgeni_Iringa
Samahani naingilia, na mimi nina picha ya mtoto wa dada yangu uso tu, alifariki akiwa na miaka miwili. Hizo hesabu za vichwa 7 nazitumia vile vile?

Bi_Mchoraji
Pole sana ndugu yangu. Hapana, usitumie hizo. Mtoto wa miaka miwili ni kama vichwa 5, miguu mifupi, shingo karibu haionekani, na modeli nyingi zinamrefusha anakuwa mtoto wa miaka sita. Tafuta kadi yake ya kliniki, urefu ukiwa umeandikwa humo uanzie hapo. Na kama kuna nguo yake imebaki, mwambie dada yako aipime mwenyewe akutumie namba, asiombwe kuileta.